Chenji kwa sarafu chache: kutoka fanksheni inayojiita hadi jedwali

Swali la chenji, yaani kutoa kiasi fulani kwa sarafu chache iwezekanavyo, huwakuta karibu wote wanaojifunza algorithimu, na wengi hulijibu kwa kukariri. Wanajua kuna vitanzi viwili, kimoja ndani ya kingine, na kuna jedwali linalojazwa. Ukiuliza kwa nini kisanduku cha kiasi 6 kina namba 2, au kwa nini jedwali linaanza na sifuri, maelezo yanakatika. Kosa haliko kwa mwanafunzi. Jedwali ni hatua ya tatu ya safari, na mara nyingi hufundishwa kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Makala hii inaanzia hatua ya kwanza. Tutaandika fanksheni inayojiita yenyewe, tuone inapoteza wapi muda, tuipe daftari la kumbukumbu, kisha tuone jedwali likijitokeza lenyewe humo. Njia hii nzima ndiyo upangaji dainamiki, ambao waandishi wa programu huufupisha kwa herufi DP: kulivunja swali kubwa kuwa maswali madogo ya namna ileile, na kulijibu kila swali dogo mara moja tu.

Swali lenyewe ni hili. Una aina kadhaa za sarafu, na kila aina unayo tele, haiishi. Umepewa kiasi fulani. Kitoe kiasi hicho kamili, bila kuzidi wala kupungua, kwa idadi ndogo kabisa ya sarafu. Katika mifano yote tutatumia sarafu za 1, 3 na 4, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo. Si sarafu za nchi yoyote. Nimezichagua kwa sababu ni ndogo, hesabu zake zinafanyika kichwani, na zinafichua kosa ambalo sarafu nyingine hulificha.

Kwa nini pupa haitoshi

Njia inayomjia mtu kwanza ni kuchukua sarafu kubwa kuliko zote inayoingia, halafu kurudia kwa kilichobaki. Njia hii huitwa ya pupa, kwa kuwa inanyakua kikubwa kilicho mbele yake bila kutazama inaacha nini nyuma.

Jaribu kutoa 6. Pupa inachukua 4, inabaki 2. Hapo 4 na 3 haziingii, basi inachukua 1 na 1. Jumla ni sarafu tatu. Lakini 3 na 3 ni 6 vilevile, kwa sarafu mbili.

Ondoa sasa sarafu ya 1, ubaki na 3 na 4 pekee. Kwa kiasi kilekile cha 6, pupa inachukua 4, inabakiwa na 2 ambayo haitoleki, na inatangaza kwamba haiwezekani. Inawezekana. Kwa hiyo pupa haiishii kutoa jibu lisilo bora: inaweza kukosa jibu lililopo.

Wengi hushangaa kusikia hivyo kwa sababu wamezoea sarafu ambazo pupa inazimudu. Kwa sarafu za 1, 2, 5 na 10, kwa mfano, pupa hutoa jibu bora kwa kiasi chochote. Hiyo ni sifa ya seti hiyo ya sarafu, wala si sifa ya njia. Ukibadilisha seti, uhakika unaondoka, na programu haitakuonya: itaendelea kutoa majibu yanayoonekana ya kawaida, mengine yakiwa na sarafu moja au mbili za ziada.

Tazama mahali pupa ilipoteleza. Ilipochukua 4 iliacha 2, na 2 inahitaji sarafu mbili. Kama ingechukua 3 ingeacha 3, na 3 inahitaji sarafu moja. Ubora wa chaguo haukuwa katika ukubwa wa sarafu iliyochukuliwa. Ulikuwa katika gharama ya kilichobaki. Basi tunahitaji njia inayoijua gharama hiyo kabla ya kuchagua.

Fanksheni inayojiita

Tuite f(n) idadi ndogo kabisa ya sarafu zinazotoa kiasi n. Sasa fikiria mtu amekwisha kutoa 6 kwa njia bora, hata kama hujui ni ipi. Katika rundo lake kuna sarafu moja aliyoiweka mwisho, nayo lazima iwe 1, 3 au 4. Hakuna nyingine.

Ikiwa ya mwisho ni 1, basi kabla yake alikuwa amekusanya 5. Ikiwa ni 3, alikuwa amekusanya 3. Ikiwa ni 4, alikuwa amekusanya 2. Na kilichokusanywa kabla lazima nacho kiwe kimekusanywa kwa njia bora, kwani kama kungekuwa na njia ya sarafu chache zaidi ya kupata hicho, angeiweka hiyo mahali pake na jibu zima lingepungua. Hoja hii fupi ndiyo inayobeba kila kitu kinachofuata. Mwanahisabati Richard Bellman, aliyeipa mbinu hii jina la upangaji dainamiki katika miaka ya 1950, aliijenga juu ya kanuni hiyo: sehemu ya jibu bora nayo ni jibu bora la swali lake dogo.

Hatujui sarafu ya mwisho ni ipi, kwa hiyo tunazijaribu zote na kuchukua iliyo nafuu:

```
f(0) = 0
f(n) = 1 + min( f(n-1), f(n-3), f(n-4) )
```

Zile tu zinazoingia ndizo huhesabiwa. Kwa n = 2, f(n-3) na f(n-4) zinaachwa. Mstari wa kwanza nao una maana yake: kutoa sifuri kunahitaji sarafu sifuri. Hapo ndipo kila mnyororo wa maswali unapoishia, na ukisahau kuuandika, fanksheni haitakuwa na jibu hata moja la kuanzia.

Kuigeuza kuwa programu ni kazi ya kunakili:

```python
SARAFU = [1, 3, 4]

def f(n):
    if n == 0:
        return 0
    bora = float("inf")
    for s in SARAFU:
        if s <= n:
            bora = min(bora, 1 + f(n - s))
    return bora
```

`float("inf")` ni namba isiyo na kikomo. Inasimama badala ya "bado sijaona njia yoyote". Ikiwa hakuna sarafu iliyofaa, ndiyo itakayorudishwa, na ukiongeza 1 juu yake inabaki vilevile bila kikomo. Weka tabia hiyo akilini, tutairudia.

Programu hii ni sahihi. Iulize f(6) itajibu 2. Iulize f(40) utasubiri sana.

Muda unakwenda wapi

Fuatilia f(6). Inaita f(5), f(3) na f(2). Lakini f(5) nayo inaita f(4), f(2) na f(1). Kisha f(4) inaita f(3), f(1) na f(0). Tayari f(3) imeulizwa mara mbili, na f(2) mara mbili. Ukihesabu hadi mwisho, kulijibu swali la 6 peke yake fanksheni inaitwa mara 24, na ndani yake f(2) imeulizwa mara 4, f(1) mara 6 na f(0) mara 9. Kila mara kompyuta inaanza upya, kana kwamba haijawahi kulisikia swali hilo.

Kwa 6 hilo halina madhara. Kwa 20 miito inafika 20,736. Kwa 30 ni 2,550,408. Kwa 40 ni 313,679,521, na kwa 50 inapita bilioni 38. Kila unapoongeza 10 kwenye kiasi, kazi inazidishwa mara 123 hivi. Kununua kompyuta yenye kasi mara mia hakukufikishi hata hatua moja ya kumi mbele.

Hapa kuna dhana potofu inayofaa kuondolewa mapema. Watu husema fanksheni hii ni ya polepole kwa sababu inajiita yenyewe. Sivyo. Fanksheni zinazojiita ziko nyingi na zinafanya kazi haraka. Hii ni ya polepole kwa sababu inauliza maswali yaleyale tena na tena. Maswali tofauti yanayoweza kuulizwa ukianza na 40 ni 41 tu, kuanzia f(0) hadi f(40). Miito milioni 313 kwa maswali 41: ndiyo hasara yenyewe, na ndiyo inayotibika.

Daftari la kumbukumbu

Mtu anayepiga hesabu ndefu kwa mkono akishapata jibu la sehemu fulani huliandika pembeni, ili likihitajika tena alisome badala ya kulikokotoa upya. Tuipe fanksheni yetu ukurasa huo wa pembeni:

```python
def f(n, daftari):
    if n == 0:
        return 0
    if n in daftari:
        return daftari[n]
    bora = float("inf")
    for s in SARAFU:
        if s <= n:
            bora = min(bora, 1 + f(n - s, daftari))
    daftari[n] = bora
    return bora
```

Unaiita kwa `f(20, {})`. Kilichoongezeka ni mistari mitatu tu: miwili ya kutazama daftari kabla ya kuanza kazi, na mmoja wa kuandika jibu kabla ya kulirudisha. Kanuni haikuguswa. Mbinu hii huitwa memoizesheni.

Kwa 20, miito inashuka kutoka 20,736 hadi 56. Hesabu yake inafuatika. Kila kiasi kati ya 1 na 20 kinashughulikiwa mara moja, na kinaita mara moja kwa kila sarafu inayoingia ndani yake: 1 na 2 zinaita mara moja kila moja, 3 inaita mara mbili, na kuanzia 4 hadi 20 kila moja inaita mara tatu. Jumla ni 55, na ule mwito wako wa kwanza ni wa 56.

Ukiandika programu yako na ikatoa majibu sahihi lakini bado inakawia, karibu kila mara umesahau ule mstari wa kuandika. Unatazama daftari ambalo daima ni tupu. Namna ya kugundua ni kuchapisha `len(daftari)` mwishoni: kwa sarafu hizi na kiasi 20 inapaswa kuwa 20. Ikiwa ni 0, mstari haupo, au uko mahali usipofikiwa.

Makosa mengine mawili yanastahili nafasi zaidi, kwa kuwa hayakawizi programu. Yanaipotosha.

La kwanza hutokea mtu anapopenda kubeba hesabu njiani. Badala ya kuuliza "kiasi hiki kinahitaji sarafu ngapi", anaandika fanksheni yenye vigezo viwili, kiasi kilichobaki na sarafu zilizokwisha kutumika, nayo inarudisha jumla ya mwisho ya safari. Bila daftari, fanksheni hiyo ni sahihi. Akiongeza daftari linalotumia kiasi pekee kama ufunguo, inaharibika.

Fuatilia kwa 6. Njia ya kwanza kupitiwa ni kutoa 1 mara tatu: 6, 5, 4, kisha 3. Ikifika 3 imeshatumia sarafu tatu, ikiongeza sarafu moja ya 3 inapata 4. Daftari linaandikwa: kwenye 3, jibu ni 4. Baadaye programu inarudi juu na kujaribu kutoa sarafu ya 3 moja kwa moja kutoka 6. Inafika kwenye 3 ikiwa imetumia sarafu moja tu, na jibu la kweli hapo ni 2. Lakini daftari linasema 4, na linaaminiwa. Mwishoni programu inatangaza kwamba 6 inahitaji sarafu tatu.

Sababu ni kwamba kilichoandikwa kwenye 3 hakikuwa jibu la swali la 3. Kilikuwa jibu la safari moja iliyopitia hapo. Ufunguo wa daftari lazima utaje kila kitu ambacho jibu linakitegemea. Ukigundua jibu linategemea vitu viwili, ama uvitie vyote kwenye ufunguo, ama, bora zaidi, uandike upya fanksheni ili irudishe gharama ya kilichobaki peke yake, kama tulivyofanya sisi.

Kosa la pili ni alama ya "haiwezekani". Wengi huweka -1, kwa sababu maswali mengi ya mazoezi yanataka -1 irudishwe mwishoni. Chukua sarafu za 3 na 4 bila 1, na uulize 5. Ukitoa 3 inabaki 2, ambayo haitoleki, kwa hiyo inarudisha -1. Fanksheni inaongeza 1 na kupata 0. Sasa 5 inaonekana inatolewa kwa sarafu sifuri, na kwa kuwa sifuri ni ndogo kuliko kila kitu, `min` inaichagua kwa furaha. Kosa hili lina dalili yake: majibu madogo kupita kiasi, hasa sifuri kwa kiasi kisicho sifuri. Tumia namba isiyo na kikomo ndani ya hesabu yote, na uigeuze kuwa -1 mara moja tu, pale nje, baada ya kila kitu kumalizika. Katika lugha zisizo na namba hiyo kwa namba kamili, n + 1 inatosha, kwa kuwa hakuna kiasi n kinachoweza kuhitaji zaidi ya sarafu n.

Kuna jambo dogo la Python pia. Ukiandika `def f(n, daftari={})`, daftari hilo huundwa mara moja na kubaki lilelile kwa miito yote ya baadaye. Ukibadilisha sarafu katikati ya programu, utasoma majibu ya sarafu za zamani.

Kina cha miito

Daftari limeondoa marudio, lakini fanksheni bado inashuka kabla ya kupanda. Ukiuliza f(5000), inaita f(4999), ambayo inaita f(4998), na hakuna hata moja inayoweza kujibu hadi f(0) ifikiwe. Miito yote hiyo inasubiri kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja. Python kwa kawaida inaruhusu kina cha takriban 1,000, kisha inasimamisha programu kwa ujumbe wa `RecursionError`.

Ukipanga sarafu kuanzia kubwa, yaani `[4, 3, 1]`, mteremko wa kwanza unakwenda kwa hatua za 4, na kina kinashuka hadi karibu robo. Hiyo inakusogezea ukuta mbele, haiubomoi.

Jedwali

Sasa tazama daftari lilivyojazwa. Kwa sarafu zilizopangwa kuanzia 1, programu inashuka hadi f(0) bila kuandika chochote, kisha inapopanda inaandika f(1), halafu f(2), halafu f(3), kwa mpangilio huo huo hadi juu. Uandishi unatoka kiasi kidogo kwenda kikubwa. Kule kushuka hakukuzalisha jibu lolote. Kulikuwa ni kutafuta pa kuanzia.

Lakini pa kuanzia tunapajua: ni sifuri. Basi tuanzie hapo na tupande:

```python
def chache(n, sarafu):
    f = [0] + [float("inf")] * n
    for k in range(1, n + 1):
        for s in sarafu:
            if s <= k:
                f[k] = min(f[k], 1 + f[k - s])
    return f[n]
```

Linganisha mstari wa `min` na ule wa fanksheni ya kwanza. Ni uleule, mabano ya duara yamegeuka ya mraba. Tulipokuwa tunauliza swali, sasa tunasoma kisanduku. Hilo linawezekana kwa sababu moja: k - s daima ni ndogo kuliko k, kwa hiyo kisanduku tunachokisoma kimekwisha kujazwa.

Tujaze pamoja. Kisanduku 0 kina 0. Kwa 1, sarafu inayoingia ni 1 peke yake, tunasoma kisanduku 0 na kuongeza 1: jibu 1. Kwa 2, tunasoma kisanduku 1 na kuongeza 1: jibu 2. Kwa 3 kuna chaguo mbili, sarafu ya 1 ikitupeleka kisanduku 2 na kutoa 3, sarafu ya 3 ikitupeleka kisanduku 0 na kutoa 1. Tunaandika 1. Kwa 4, sarafu ya 4 inatua kwenye kisanduku 0, jibu 1. Kwa 5 tunasoma visanduku 4, 2 na 1, tunapata 2, 3 na 2, tunaandika 2.

Tumefika 6. Visanduku vya kusoma ni 5, 3 na 2, vyenye 2, 1 na 2. Kilicho nafuu ni cha 3, na ukiongeza sarafu moja unapata 2. Hapo ndipo ile namba 2 inapotoka, na hapo ndipo pupa ilipopotea: yenyewe ilikwenda moja kwa moja kisanduku 2 bila kukitazama cha 3. Jedwali hadi 10 ni hili:

```
n:  0  1  2  3  4  5  6  7  8  9  10
f:  0  1  2  1  1  2  2  2  2  3  3
```

Angalia kwamba namba hazipandi kwa mpangilio. 2 inahitaji sarafu mbili, 3 inahitaji moja. Ukiona jedwali lako linapanda tu bila kushuka popote, shuku kitanzi cha ndani, huenda kinatumia sarafu moja pekee.

Orodha ina visanduku n + 1, si n, kwa sababu sifuri nayo ina chake. Ukikosea hapo, Python itakuambia `IndexError` unapofika kwenye kiasi chenyewe unachokitafuta.

Mara nyingi hatutaki idadi tu, tunataka kujua ni sarafu zipi. Weka orodha ya pili, na kila kisanduku cha f kinapopata jibu dogo zaidi, andika kwenye orodha hiyo sarafu iliyolileta. Kwa 10, sarafu iliyoandikwa ni 3 ikiwa unabadilisha tu pale jibu jipya linapokuwa dogo kabisa kuliko la zamani. Toa 3, uko kwenye 7, ambako pia imeandikwa 3. Toa tena, uko kwenye 4, ambako imeandikwa 4. Umefika sifuri, na umetoa 3, 3 na 4.

Jedwali si bora kuliko daftari katika kila hali, ingawa hilo husemwa sana. Chukua sarafu za 50, 100 na 200, na kiasi 1,000. Daftari litagusa viasi vinavyogawanyika kwa 50 tu, yaani 20. Jedwali litajaza visanduku 1,001, vingi vikiwa na "haiwezekani". Dawa ni kugawanya kila kitu kwa 50 kabla ya kuanza: sarafu zinakuwa 1, 2 na 4, kiasi kinakuwa 20, na jibu halibadiliki. Daima tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha sarafu zako kwanza. Kama kiasi chenyewe hakigawanyiki kwacho, umeshapata jibu bila jedwali: haiwezekani.

Wala jedwali halifanyi kila kiasi kuwa chepesi. Kazi yake ni n mara idadi ya aina za sarafu. Kwa n ya elfu kumi na aina tatu, ni hatua elfu thelathini, papo hapo. Lakini kila tarakimu moja unayoiongeza kwenye n inaongeza kazi na kumbukumbu mara kumi. Kiasi chenye tarakimu kumi kinataka visanduku bilioni kadhaa, na hapo orodha ya Python haitatosha kwenye kompyuta ya kawaida.

Kuikagua seti ya sarafu

Jedwali lina matumizi mengine ambayo hayatajwi sana: linaweza kukuambia kama pupa inafaa kwa sarafu zako. Ikifaa, huhitaji jedwali tena kwa seti hiyo, hata kiasi kiwe na tarakimu ngapi.

Shaka ya kawaida ni kwamba ukaguzi huo hauna mwisho, kwa kuwa viasi havina mwisho. Mwaka 1994 Dexter Kozen na Shmuel Zaks walionyesha kwamba una mwisho. Kwa seti yenye sarafu ya 1 na aina tatu au zaidi, ikiwa pupa inakosea popote, basi kiasi kidogo kabisa inachokikosea ni kikubwa kuliko sarafu ya tatu kwa udogo ukiiongezea 1, na ni kidogo kuliko jumla ya sarafu mbili kubwa kuliko zote.

Tia sarafu zetu humo. Ya tatu kwa udogo ni 4, ongeza 1 unapata 5. Mbili kubwa ni 3 na 4, jumla 7. Kiasi kilicho kati ya 5 na 7 ni 6 peke yake, na ndicho hasa kilichoikwaza pupa. Kwa sarafu za 1, 2, 5 na 10, mipaka ni 6 na 15. Jaza jedwali hadi 14, linganisha na pupa kuanzia 7, na zikilingana kote, umemaliza ukaguzi kwa viasi vyote.

Swali linalofanana ambalo si hilo

Mara nyingi swali la sarafu chache huchanganywa na lingine: kuna njia ngapi za kutoa kiasi n? Hapo hatuchukui iliyo nafuu, tunajumlisha. Na kisanduku 0 kinaanza na 1, kwa kuwa kuna njia moja ya kutoa sifuri, nayo ni kutotoa kitu.

Katika swali la sarafu chache, haijalishi kitanzi kipi kiko nje, cha sarafu au cha viasi. Jibu ni lilelile. Katika swali la njia ngapi, linabadilika:

```python
njia = [1] + [0] * n
for s in sarafu:
    for k in range(s, n + 1):
        njia[k] += njia[k - s]
```

Sarafu ikiwa nje, kila aina inamalizwa kabla ya kuhamia inayofuata, kwa hiyo 1 kisha 3 inahesabiwa, lakini 3 kisha 1 haina nafasi ya kutokea. Ukivipindua vitanzi, kila kiasi kinaruhusu sarafu yoyote kuwa ya mwisho, na 3 kisha 1 inahesabiwa mbali na 1 kisha 3. Programu zote mbili zinaendeshwa bila ujumbe wa kosa. Kujua ni ipi umeandika, ipe sarafu zetu na kiasi 4: ikijibu 3 inahesabu mafungu, yaani 4 peke yake, 3 na 1, na 1 nne. Ikijibu 4 inahesabu mpangilio.